Mchanga Mbichi Kwenye Toroli: Jinsi ya Kusahihisha Kipimo

Mchanga wenye unyevu kidogo hujaza nafasi kubwa kuliko mchanga uleule ukiwa mkavu. Ndoo kumi za mchanga mkavu zikinyunyiziwa maji kidogo na kugeuzwa kwa koleo huweza kutoka ndoo kumi na mbili, hata kumi na tatu, ilhali hakuna punje hata moja iliyoongezwa. Kilichoongezeka ni hewa. Maji hutanda kama utando mwembamba juu ya kila punje, na mvutano wa utando huo hushikilia punje mahali zilipoangukia, zisiteleze na kujipanga vizuri. Matokeo yake ni lundo lenye matundu mengi madogo yaliyojaa upepo. Mchanga wa namna hiyo husemwa kuwa umevimba.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuvimba huku hakuendelei kadiri maji yanavyozidi. Mchanga huvimba kupita kiasi chote pale maji yanapofikia karibu asilimia 4 hadi 8 ya uzito wake, yaani ule ubichi wa kawaida wa mchanga uliolala nje usiku. Ukiongezewa maji zaidi ya hapo, uvimbe huanza kupungua, na mchanga ukishazama kabisa majini ule utando hauna kazi tena. Punje hushuka, hujipanga, na ujazo hurudi karibu sawa na wa mchanga mkavu. Mchanga mkavu na mchanga uliozama majini, kwa hiyo, ni ndugu kwa ujazo. Ni ule wa katikati ndio unaodanganya.

Si kila mchanga huvimba sawasawa. Mchanga mnene wa mtoni huvimba kwa kiasi cha asilimia 15 hivi au 20, mchanga wa kati hufika 25 au 30, na mchanga laini, ule ambao mafundi wa lipu huupenda, huweza kufika asilimia 40. Kadiri punje zilivyo ndogo ndivyo utando wa maji unavyokuwa na nguvu ya kuzitenganisha. Kokoto ni nzito mno kusumbuliwa na utando huo, hivyo uvimbe wake hauhesabiwi. Hapo ndipo ubaya wa jambo lenyewe unapoanzia. Kama kokoto nazo zingevimba kwa kiasi kilekile, kati ya vitu hivyo viwili uwiano ungebaki palepale.

Anayepima kwa mizani hana tatizo la uvimbe, kwa sababu hewa haina uzito wa kuhesabu. Atakachopaswa kukiangalia ni uzito wa maji tu. Lakini nyumba nyingi katika Afrika Mashariki hazijengwi kwa mizani. Zege hupimwa kwa toroli, ndoo au karai, na kipimo cha namna hiyo huona ujazo peke yake. Toroli moja la mchanga mbichi na toroli moja la mchanga mkavu huandikwa kuwa ni moja na moja, ingawa la kwanza lina mchanga pungufu kwa moja ya tano au zaidi.

Uwiano unaotumika sana kwa sakafu na kazi zisizobeba mzigo mkubwa ni 1:2:4, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo mfuko mmoja unadai lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Hizo lita 70 ni za mchanga mkavu. Fundi akipima lita 70 za mchanga uliovimba kwa asilimia 25, ndani yake amepata lita 56 tu za mchanga halisi. Zege lake si 1:2:4 tena, ni 1:1.6:4.

Wengi hudhani kwamba upungufu huo ni wa heri, maana saruji imekuwa nyingi kuliko mchanga. Kwa nguvu za zege peke yake hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini kazi ya mchanga ni kujaza nafasi zilizo kati ya kokoto. Ukipungua, zege huwa gumu kusambaza, kokoto hujitenga, na fomu zikifunguliwa upande wa nguzo au mkanda huonekana matundu kama ya sega la nyuki. Kibarua akiliona zege limekuwa gumu, dawa yake ya kwanza huwa ni kuongeza maji, na maji hayo ndiyo yanayokula nguvu ambazo saruji ya ziada ilidhaniwa kuziongeza. Pia zege hutoka pungufu. Nafasi ambayo mchanga ungeijaza haikujazwa, na mwenye nyumba hulazimika kununua mifuko ambayo haikuwamo kwenye makadirio.

Kwa lipu madhara ni ya namna nyingine. Fundi anayekusudia uwiano wa 1:4 kwa mchanga laini uliovimba kwa asilimia 30 anapaka, bila kujua, lipu ya karibu 1:3. Lipu yenye saruji nyingi hivyo husinyaa sana inapokauka, na ukuta huonyesha nyufa nyembamba zinazosambaa kama wavu. Lawama hutupiwa saruji kuwa ni mbovu, au jua kuwa kali. Mara nyingine ni kweli ni jua; mara nyingine ni kipimo.

Kabla ya kusahihisha uvimbe, toroli lenyewe halina budi kuwa kipimo. Toroli la ujenzi la kawaida huchukua karibu lita 65 likisawazishwa, lakini yapo madogo na makubwa, na yapo yaliyobonyea. Likipakiwa kwa kilima huweza kufika lita 80 au zaidi, kutegemea mkono wa anayepakia na saa ya siku. Mchanga mbichi hasa hukubali kilima kirefu kwa sababu unashikana, ilhali mkavu huporomoka kandokando. Kwa hiyo fundi aliyezoea kupakia kwa kilima amekuwa akisahihisha uvimbe bila kukusudia: hewa imempunguzia, kilima kimemwongezea. Hii ndiyo sababu mafundi wazoefu wengi hutoa zege zuri bila hesabu yoyote. Tatizo ni kwamba makosa hayo mawili hayakuahidiana kulingana. Kibarua akibadilishwa, au mchanga ukibadilika, kimoja husogea na kingine hubaki.

Dawa ni kupakia toroli kwa ulegevu, bila kushindilia, kisha kupitisha ubao ulionyooka juu ya kingo zake na kuondoa kilichozidi. Kusawazisha kufanyike palepale kwenye lundo. Toroli likishasukumwa kwenye ardhi yenye mashimo, mchanga uliovimba hutikisika na kushuka, na anayeliona limepungua atashawishika kulijazia tena. Ujazo wake hupimwa mara moja tu kwa ndoo. Ndoo nayo isiaminiwe kwa jina: ile inayoitwa ya lita 20 ijazwe kwa maji kutoka kwenye chupa zenye ujazo unaojulikana, na pale lita 20 zinapofika papigwe alama. Kisha mchanga umiminwe kwa ndoo hiyo hadi toroli lijae na kusawazika. Zikiingia ndoo tatu na robo, toroli ni la lita 65, na namba hiyo iandikwe ubavuni kwa rangi.

Kipimo cha uvimbe hakihitaji maabara. Kinachotakiwa ni kopo lenye pande zilizonyooka wima, kama la rangi la lita nne au la maziwa ya unga, pamoja na rula, maji na kipande cha nondo cha kukorogea. Chombo cha kioo au plastiki angavu ni bora zaidi. Ndoo ya kawaida haifai kwa kazi hii kwa sababu ni pana juu na nyembamba chini. Mchanga ukishuka ndani yake, sehemu iliyopotea ni ile pana ya juu, na rula ikisoma kimo peke yake itaonyesha uvimbe mdogo kuliko ulivyo.

Mchanga wa kupimwa uchukuliwe pale utakapochotwa siku hiyo, konzi kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za lundo, uchanganywe haraka kabla haujakauka. Umiminwe ndani ya kopo kwa ulegevu uleule wa kupakia toroli, hadi karibu theluthi mbili ya kopo, na juu yake pasawazishwe bila kushindilia. Kimo kisomwe kwa rula. Tuseme ni sentimita 15. Kisha mchanga wote umwagwe kwenye sinia au karatasi ya nailoni, pasipotee hata konzi moja, na kopo lijazwe maji hadi nusu. Mchanga urudishwe taratibu, nusu kwanza, ukorogwe kwa nondo ili hewa itoke, halafu nusu iliyobaki, ukorogwe tena. Ukiachwa utulie kidogo utakuwa umeshuka. Kimo chake kisomwe upya. Tuseme sasa ni sentimita 12.

Mchanga wa sentimita 12 chini ya maji ni sawa na mchanga mkavu. Uvimbe ni sentimita 3 juu ya 12, yaani asilimia 25. Hapa watu hukosea kwa kugawanya 3 kwa 15 na kupata asilimia 20, kisha kuongeza asilimia 20 kwenye kipimo chao. Njia isiyopotosha ni kuacha asilimia kabisa na kugawanya kimo cha kwanza kwa cha pili: 15 kwa 12 ni 1.25. Namba hiyo ndiyo ya kuzidishia. Kila lita moja ya mchanga mkavu inayotakiwa na uwiano hupimwa kwa lita 1.25 za mchanga mbichi wa siku hiyo.

Mara nyingine juu ya mchanga, chini ya maji, huonekana tabaka jembamba la tope laini. Rula isome mwisho wa mchanga, si wa tope. Tabaka hilo likiwa nene ni habari nyingine mbaya inayohitaji kushughulikiwa peke yake, kwa kuchekecha au kuosha mchanga, au kumrudishia muuzaji.

Tuchukue sakafu ya chumba cha mita 4 kwa 5, unene wa sentimita 10, itakayomwagwa asubuhi wakati wa masika. Zege linalohitajika ni meta 2 za ujazo. Kwa uwiano wa 1:2:4, meta moja ya ujazo hula karibu mifuko sita na theluthi ya saruji, kwa hiyo kazi nzima inataka mifuko 13. Zege linachanganywa kwa koleo juu ya sakafu safi, mifuko mitatu kila mkupuo, na toroli ni lile la lita 65.

Mifuko mitatu inadai lita 210 za mchanga mkavu na lita 420 za kokoto. Kokoto hazisahihishwi: 420 kwa 65 ni karibu matoroli sita na nusu. Mchanga ungekuwa mkavu, 210 kwa 65 ingekuwa matoroli matatu na robo. Lakini kopo limetoa 1.25, na 210 mara 1.25 ni lita 262 na nusu, ambazo zikigawanywa kwa 65 ni matoroli manne, kasoro wala ziada isiyofaa kutajwa. Amri kwa vibarua inakuwa fupi: mifuko mitatu, mchanga matoroli manne, kokoto sita na nusu, yote kwa ubao. Kuchagua idadi ya mifuko ili mchanga utoke kwa matoroli mazima ni nusu ya ufundi wa hesabu hii, kwa sababu robo na theluthi za toroli ndizo zinazokosewa kwenye jua la saa sita. Mwenye mashine inayochanganya mfuko mmoja hatapata nafasi hiyo, na ni heri apime mchanga wake kwa ndoo: lita 87 na nusu kwa mfuko, yaani ndoo nne na sehemu kidogo pungufu ya nusu.

Kama mchanga ungepimwa matoroli matatu na robo bila kusahihishwa, kila mkupuo ungepungukiwa na lita 42 hivi za mchanga. Zikitolewa nafasi za hewa zilizo kati ya punje, zege lililokamilika lingepungua kwa karibu moja ya ishirini. Kwa chumba hiki ni kama meta moja ya mraba ya sakafu iliyobaki bila zege baada ya mfuko wa kumi na tatu kuisha. Kwa jengo la mifuko mia, ni mifuko mitano hivi.

Mchanga uliovimba umebeba maji pia, na kusahihisha ujazo bila kugusa maji ni kazi nusu. Kiasi cha maji hujulikana kwa sufuria. Kilo moja ya mchanga mbichi hukaangwa juu ya jiko, ikigeuzwa hadi isitoe mvuke na punje zitengane, kisha hupimwa tena ikiwa imepoa. Ikibaki gramu 950, gramu 50 zilikuwa maji, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 5 ya mchanga mkavu. Lita 70 za mchanga mkavu zina uzito wa karibu kilo 105 hadi 110, kwa hiyo mchanga wa mfuko mmoja umekuja na maji yake, lita tano na nusu hivi. Zege la kawaida hutaka karibu lita 27 kwa mfuko. Basi fundi amimine lita 21 au 22 kwanza, na iliyobaki aiongeze kidogo kidogo huku akiangalia ulegevu. Asiye na mizani wala jiko anaweza kuweka kando robo ya ndoo kwa kila mfuko na kuitumia mwisho, ikihitajika.

Namba ya kopo si ya kudumu. Lundo lililoachwa wazi hukauka juu na kubaki bichi ndani, na chini kabisa huwa limelowa. Mchanga uliopimwa saa moja asubuhi si ule wa saa tisa alasiri, na mvua ya nusu saa hubadilisha kila kitu. Kipimo kifanywe kila siku kabla ya kuanza, na kirudiwe lori jipya likifika, mvua ikinyesha, au vibarua wakianza kuchota upande mwingine wa lundo. Kinachukua muda mfupi kuliko kuchanganya mkupuo mmoja. Kufunika lundo kwa turubai husaidia, si kwa kuuondoa uvimbe bali kwa kuufanya usibadilikebadilike.

Hapo ndipo desturi ya baadhi ya maeneo ya ujenzi, ya kuongeza tu robo ya mchanga kila siku kwa kudhani kuwa mchanga daima ni mbichi, inapoharibu kazi. Siku mchanga umekauka kabisa, au umetoka mtoni ukichuruzika maji, hauna uvimbe wa kusahihisha. Robo iliyoongezwa inakuwa mchanga wa kweli, na 1:2:4 inageuka 1:2.5:4. Sasa mchanga umezidi, maji yanayohitajika yanaongezeka, na nguvu za zege zinashuka. Kosa hili ni baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu kutosahihisha hugharimu saruji, na kusahihisha kusikohitajika hugharimu uimara. Dalili ya haraka ni ya kiganja: mchanga ukikamatwa na kuminywa, ukibaki umeshikana mkono unapofunguliwa, umevimba, ukimwagika kama unga wa sembe au ukitiririsha maji kati ya vidole, kopo liulizwe kabla ya kuongezwa chochote.

Uvimbe huohuo humfuata mnunuzi wa mchanga. Lori lililopimwa meta tano za ujazo za mchanga uliovimba kwa asilimia 20 limeleta meta nne na kidogo za mchanga mkavu. Kwa hiyo anayeagiza mchanga azidishe mahitaji yake kwa namba ya kopo kabla ya kuhesabu malori. Sakafu ile ya meta mbili, inayohitaji meta 0.88 za mchanga mkavu, iagiziwe meta 1.1.